Viwavijeshi vamizi kwenye mahindi: hesabu kwanza, ndipo upulize dawa

Tangu viwavijeshi vamizi waingie Tanzania mwaka 2017, wengi wetu tumepuliza dawa mara tatu au nne na bado mahindi yakaliwa. Mara nyingi tatizo ni kuchelewa. Kiwavi akishakuwa mkubwa hujificha ndani ya moyo wa mmea na kuziba njia kwa kinyesi chake, dawa isimfikie.

Utamjua kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyokaa kama mraba karibu na mkia. Akiwa mdogo hukwangua jani likabaki na vidirisha vyeupe. Akikua hutoboa matundu na kuacha kinyesi kama vumbi la mbao.

Hatua ya 1: Kagua shamba

Anza wiki moja baada ya mahindi kuota, kisha rudia kila wiki. Simama sehemu tano tofauti, na kila sehemu kagua mimea 20. Hesabu yenye dalili mpya kwenye majani ya katikati. Tuseme umepata 6, 4, 5, 3 na 7: jumla ni mimea 25 kati ya 100.

Mahindi yakiwa bado chini ya goti, mimea 20 kati ya 100 inatosha kuamua kupuliza. Yakiwa marefu zaidi, subiri ifike 40. Ikiwa chini ya hapo, ponda mayai na viwavi kwa mkono. Mbelewele zikishatoka, usipulize tena.

Hatua ya 2: Pima dawa

Nunua dawa iliyosajiliwa, yenye lebo inayosomeka na inayotaja kiwavi huyu. Lebo ikisema mililita 10 kwa lita 20 za maji, bomba la lita 16 litahitaji mililita 8. Usipime kwa kifuniko cha soda, na usiongeze dozi.

Hatua ya 3: Puliza

Puliza jioni au alfajiri, viwavi wanapotoka kula. Elekeza dawa ndani ya moyo wa kila mmea. Msimu ukihitaji kupuliza tena, badilisha aina ya kiambato kilichoandikwa kwenye lebo ili viwavi wasizoee.

Jilinde

Vaa glavu, buti, barakoa, miwani na nguo za mikono mirefu. Upepo uwe mgongoni. Nozeli ikiziba, isafishe kwa maji na brashi laini, kamwe usiipulize kwa mdomo. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, maji hayo yamimine kwenye bomba, kisha itoboe isitumike tena nyumbani.

Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au macho kuona ukungu, acha kazi, vua nguo, oga kwa sabuni na uende zahanati ukiwa na lebo ya dawa. Mahindi mabichi usivune kabla ya siku zilizoandikwa kwenye lebo kuisha.