Swali Lililobaki Kwenye Simu ya Nyumbani

Mtu anapoiuliza chatiboti swali kwenye simu inayotumiwa na familia nzima, swali hilo hubaki mahali patatu: kwenye orodha ya mazungumzo, kwenye kumbukumbu ya akaunti, na kwenye simu yenyewe. Kulifuta mahali pamoja hakugusi pengine. Kampuni yenye chatiboti huihesabu akaunti kuwa ni mtu mmoja. Haina habari kwamba aliyeandika asubuhi ni baba, mchana ni mtoto wa kidato cha tatu, na usiku ni mama.

Chukua familia ya namna hiyo yenye simu janja moja isiyofungwa kwa namba ya siri, na ndani yake akaunti moja ya ChatGPT. Usiku, wengine wakiwa wamelala, mama anaandika: «Nilichoma sindano ya uzazi wa mpango mwezi wa pili, sasa natokwa na damu siku ya kumi na mbili, ni kawaida?» Mumewe hajui habari ya sindano. Mama anapata jibu, anasoma, anarudi kwenye kioo cha mwanzo na kuweka simu kwenye chaji. Kwake yeye mazungumzo yamekwisha.

Asubuhi binti anaichukua simu amalizie zoezi la baiolojia. Akibofya vile vistari vilivyo juu kushoto, orodha inafunguka, na ya kwanza kabisa ina kichwa kinachotaja sindano ya uzazi wa mpango. Kichwa hicho mama hakukiandika. Chatiboti hujitungia yenyewe kutokana na mada iliyozungumzwa. Binti hana haja ya kufungua chochote, maneno manne yanatosha. Tena kwenye orodha hiyo kuna sehemu ya kutafutia, na inatafuta hadi ndani ya mazungumzo. Anayeandika «damu» kwa ajili ya somo la mzunguko wa damu ataletewa na ya mama.

Orodha ndiyo sehemu rahisi kusafisha. Kubonyeza kichwa cha mazungumzo bila kuachia huleta menyu fupi yenye `Rename`, `Archive` na `Delete`. `Rename` hubadilisha jina tu. `Archive` huwapotosha wengi, kwa kuwa mazungumzo hutoweka kwenye orodha lakini hayajafutwa: yanakaa ndani ya mipangilio, na yeyote mwenye simu anaweza kuyarudisha. `Delete` ndiyo inayofuta. Kwa maelezo ya OpenAI, wenye ChatGPT, mazungumzo yaliyofutwa hutoweka machoni papo hapo, kisha huondolewa kwenye mitambo yao ndani ya siku 30, isipokuwa pale sheria au usalama unapodai yahifadhiwe. Isipokuwa hiyo si ya maandishi tu: mwaka 2025, kwa sababu ya kesi ya gazeti la New York Times dhidi ya kampuni hiyo, mahakama ya Marekani iliiamuru kwa miezi kadhaa itunze hata mazungumzo ambayo watumiaji walikuwa wameyafuta. Hilo kwa mama wa mfano wetu si tatizo kubwa. Anayemhofia yuko chumba cha pili, si New York.

Kumbukumbu ni jambo jingine, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Tangu mwaka 2024 ChatGPT imekuwa na uwezo wa kujiwekea mambo inayoyaona ya maana kuhusu mtumiaji, ili iyatumie katika mazungumzo yajayo. Usiku ule huenda imejiandikia kwamba mtumiaji anachoma sindano ya uzazi wa mpango. Mama akigutuka asubuhi na kuyafuta mazungumzo yenyewe, sentensi hiyo haifutiki nayo, kwa kuwa imehifadhiwa kando. Wiki mbili baadaye baba anaomba kupangiwa mlo wa nyumbani wenye madini ya chuma, na jibu linaanza kwa kumkumbusha kwamba yanamfaa hasa kwa kuwa amekuwa akitokwa na damu baada ya sindano. Hakuna aliyepekua. Baba aliuliza habari ya maharage na mchicha.

Kuna na madhara ya upande wa pili, yasiyohusu siri hata kidogo. Kumbukumbu ya akaunti ya pamoja hukusanya watu wanne katika mwili mmoja: mtu anayesoma kidato cha tatu, anayetumia sindano ya uzazi, mwenye kisukari cha bibi na bodaboda ya baba. Linapoulizwa swali la afya, majibu huchanganya. Bibi anaweza kupewa tahadhari za dawa asizozitumia, na binti akasomewa habari za sukari ambayo hana. Dalili ya mchanganyiko huo ni chatiboti kutaja jambo ambalo aliyeshika simu hakulisema. Likitokea hata mara moja, kumbukumbu inahitaji kukaguliwa.

Ukaguzi wenyewe hufanyika kwenye mipangilio, sehemu ya `Personalization`, kisha `Memory`. Humo kuna orodha ya yaliyohifadhiwa, sentensi moja moja, na kila moja inaweza kufutwa peke yake. Pana pia swichi mbili: `Reference saved memories` inayohusu sentensi hizo, na `Reference chat history` inayoiruhusu chatiboti kuchota kutoka mazungumzo yaliyopita hata kama hakuna kilichoandikwa kwenye orodha ya kumbukumbu. Kuzima ya kwanza hakuzifuti sentensi zilizokwisha kuwekwa. Zinalala tu mpaka iwashwe tena. Kwa hiyo kazi kamili ni kufuta mazungumzo, kufuta sentensi iliyotokana nayo, na kwa akaunti ya watu wengi, kuzima swichi zote mbili. Akaunti ya pamoja haina faida yoyote ya kumbukumbu inayoweza kufidia hasara hiyo. Majina ya menyu hubadilika toleo hadi toleo, ila mgawanyo wa mazungumzo na kumbukumbu ndio wa kushika.

Swichi nyingine, `Improve the model for everyone`, iliyo chini ya `Data controls`, mara nyingi huzimwa kwa kudhaniwa kwamba inaficha historia. Haifichi. Inahusu kampuni kutumia mazungumzo kufundishia mifumo yake. Kwenye kioo cha nyumbani orodha inabaki kama ilivyokuwa.

Mahali pa tatu ni simu. Kitufe cha programu za karibuni huonyesha picha ndogo ya ukurasa wa mwisho, ambayo husomeka bila hata kufungua programu. Kibodi hujifunza maneno na kuyapendekeza kwa mtu mwingine anayeandika herufi za mwanzo zilezile. Maandishi yaliyonakiliwa hubaki kwenye ubao wa kunakilia kwa muda. Picha ya cheti cha dawa iliyopigwa ili chatiboti iisome hukaa kwenye galari, na hata ikifutwa Google Photos huiweka kwenye pipa lake la taka kwa siku 60 kama ilikuwa imepandishwa mtandaoni. Pipa hilo lina mlango wake wa kufutia, na wachache huufungua.

Kufuta baada ya tendo kuna ubaya wake pia. Orodha iliyokuwa na mazungumzo arobaini jana, leo ikawa tupu, inazungumza kuliko kichwa chochote. Katika nyumba yenye ugomvi au ukaguzi wa simu, utupu huo unaweza kuwa hatari kuliko swali lenyewe. Amri ya kufuta yote kwa pamoja, juu ya hayo, huondoka na muhtasari wa binti wa muhula mzima, na hakuna pa kuurudishia. Ndiyo maana kinga ya kabla ni bora.

Kinga iliyo rahisi ni mazungumzo ya muda, `Temporary Chat`, ambayo huwashwa juu ya ukurasa mpya kabla ya kuandika neno la kwanza. Hayaingii kwenye orodha, hayaundi kumbukumbu, wala hayatumiwi kufundishia; kampuni hubaki na nakala kwa hadi siku 30 kwa ajili ya usalama. Kosa la kawaida ni kuiwasha katikati, wakati sehemu ya kwanza imeshahifadhiwa. Njia ya pili haihitaji akaunti kabisa: kufungua `chatgpt.com` kwenye ukurasa wa siri wa Chrome, unaoitwa `Incognito`, bila kuingia. Ukurasa ukifungwa, simu haibaki na orodha, na kibodi ya Google nayo huacha kujifunza maneno ndani ya ukurasa huo. Mama angeuliza kwa njia hii, binti asubuhi asingekuta kitu.

Wengi hufikiria kwanza kumpa kila mtu akaunti yake. Ni wazo zuri, tena ndivyo masharti ya OpenAI yanavyotaka, kwa kuwa hayaruhusu watu kugawana akaunti. Ila kwenye simu moja lina tundu lake. Akaunti ikifunguliwa kwa kupitia Google, kuingia ni kubofya jina tu. Nywila haiulizwi, kwa sababu simu tayari inaitambua akaunti ya Google iliyomo. Akaunti nne zikiwa zimepangwa kioo kimoja, ni milango minne isiyo na kufuli. Inayofaa ni iliyofunguliwa kwa barua pepe na nywila, simu ikakataliwa inapoomba kuihifadhi nywila hiyo, na mtu akatoka kila amalizapo. Penye Android inayoruhusu watumiaji wengi, kila mtu hupata eneo lake lenye kufuli na programu zake. Hiyo ndiyo suluhisho safi kuliko zote, lakini baadhi ya watengenezaji wameiondoa, na kwenye simu yenye GB 32 eneo la pili hula nafasi upesi.

Linabaki swali la nani mwenye akaunti. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki akaunti ya Google ya simu mpya hufunguliwa dukani na muuzaji, anayechagua nywila na wakati mwingine kuiandika kwenye kijidaftari chake. Aliyenunua simu huondoka bila kuijua. Historia ya chatiboti iliyofunguliwa kwa akaunti hiyo inasomeka kwenye kifaa kingine chochote, na ombi la nakala ya data yote, `Export data`, hutumwa kwenye barua pepe hiyohiyo. Vifaa vilivyoingia huonekana kwenye `myaccount.google.com`, sehemu ya usalama. Kifaa kisichojulikana kikikutwa humo, hubadilishwa nywila ya Google kwanza, kisha ndani ya ChatGPT hutumika amri ya kutoka kwenye vifaa vyote. Mpangilio huo una sababu: akitolewa kwenye chatiboti huku nywila ya Google ikiwa ileile, mwenye kijidaftari ataingia tena dakika hiyohiyo.