Bei ya Muamala wa Kwanza

Kampuni ya kutuma pesa ikijisifu kwamba programu yake imepakuliwa mara 4,000 na Watanzania waishio Uingereza ndani ya mwezi mmoja, ulizeni wangapi kati yao wametuma pesa, na pesa hizo zikafika. Kupakua programu hakumgharimu mtu chochote. Kutuma ni shughuli nyingine: inabidi apige picha ya pasipoti, ajipige picha ya uso, aweke kadi ya benki, kisha aikabidhi kampuni asiyoijua ada ya mtoto au hela ya dawa za mama yake. Ndiyo maana watu wanaoijua biashara hii hugawanya gharama yote ya kampeni kwa idadi ya wateja wapya waliotuma mara ya kwanza na muamala wao ukathibitika. Jibu linalotoka ndilo bei halisi ya kumpata mteja mmoja.

Jambo hili linamhusu hata msomaji asiyefanya kazi ya matangazo. Fedha za kampeni hurudishwa na wateja wenyewe, kwa ada ya kutuma au kwa kiwango cha kubadilishia fedha kilichopunguzwa kidogo ili kampuni ibaki na chake. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, kutuma dola 200 bado kunamgharimu mtumaji, kwa wastani wa dunia, zaidi ya asilimia 6, wakati Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Matangazo si sababu pekee ya pengo hilo, ila kila pauni iliyopotea kwenye kampeni mbovu ina mtu atakayeilipa.

Ugumu unaanzia kwenye neno "kuthibitika". Wakala wa matangazo anayelipwa kwa kila mteja angependa muamala uhesabiwe pale tu mtumaji anapobonyeza kitufe. Mhasibu angependa kusubiri. Mimi nakubaliana na mhasibu, na masharti ninayoyaona ya lazima ni manne. Mtumaji awe amepita ukaguzi wa utambulisho. Awe mtu ambaye hajawahi kuwa na akaunti hapo, hata kwa namba nyingine ya simu. Pesa ziwe zimetoka kweli kwenye kadi au benki yake na hazikurudishwa. Na mtandao wa simu au benki ya Tanzania iwe imejibu kwamba mpokeaji amewekewa. Sharti hili la mwisho watu hulisahau, ilhali muamala wa kwanza hukwama hapo mara nyingi: tarakimu moja ya namba ya simu imekosewa, au laini ya mpokeaji ilishafungwa, na pesa zinarudi zilikotoka.

Tuchukue mfano, na tarakimu zake ni za kufanyia hesabu tu. Kampuni ina pauni 12,000 za kuwafikia Watanzania wa Uingereza. Pauni 8,000 inazipeleka kwenye matangazo ya Facebook na Instagram. Pauni 4,000 inazitumia kwenye mikusanyiko: siku ya michezo ya jumuiya, futari za misikitini, harambee za makanisani, ambako vijana wawili wanakaa mezani na kumsaidia mtu kujisajili papo hapo. Kila mteja mpya anapata ofa ya pauni 10 kwenye muamala wake wa kwanza.

Mwisho wa kampeni, upande wa mitandao una watu 4,000 waliopakua, yaani pauni 2 kwa kila mmoja. Upande wa mikusanyiko una 400, yaani pauni 10 kwa kila mmoja. Mkutano wa Jumatatu ukiishia hapo, mikusanyiko itafutwa na fedha zote zitahamia mitandaoni.

Tuendelee kuhesabu. Kati ya wale 4,000, waliopita ukaguzi wa utambulisho ni 1,000, na waliotuma ni 300. Ukiondoa akaunti za pili za watu walewale, miamala iliyokwama na malipo yaliyorudishwa, wanabaki 250. Gharama nayo si pauni 8,000 tena, kwa sababu wote 300 walipewa ofa, na ofa ni sehemu ya kampeni: ongeza 3,000, inakuwa 11,000. Gawanya kwa 250, unapata pauni 44. Kwenye mikusanyiko, kati ya watu 400 walipita ukaguzi 240, wakatuma 170, wakathibitika 160. Gharama ni 4,000 pamoja na 1,700 za ofa. Gawanya, unapata pauni 35 na senti 60 hivi. Njia iliyoonekana ghali mara tano ndiyo iliyo nafuu.

Wale 3,000 ambao hawakufikia hata kupita ukaguzi walikwenda wapi? Wengine hawaishi Uingereza kabisa. Tangazo la Kiswahili lenye picha nzuri halikai Birmingham. Mtu analirusha kwenye kundi la familia la WhatsApp, na jioni hiyohiyo shangazi wa Morogoro na binamu wa Tanga wanapakua, kisha wanakuta programu haiwaruhusu kutuma kutoka Tanzania. Wengine ni wageni waliopita London wiki iliyopita. Hawa wanaonekana mapema ukitazama namba za simu walizojisajilia. Zikianza na +255 badala ya +44, tatizo liko kwenye ulengaji wa tangazo, wala halihusiani na ubora wa programu.

Waliobaki ni wateja wa kweli waliokwama mlangoni, na hao ndio wanaonisikitisha. Pasipoti inasema jina moja, kadi ya benki inasema jingine kwa sababu ya ndoa. Pasipoti imekwisha muda na mtu anasubiri mpya. Baadhi ya programu ziliendelea kuomba kadi ya ukaazi wakati Uingereza imeshahamia kwenye hati za ukaazi za kidijitali, na kadi nyingi za zamani zikafikia ukomo tarehe 31 Desemba 2024. Mtu anapiga picha ya hati usiku chini ya taa hafifu ya jikoni, inakataliwa mara mbili, anaweka simu chini, anarudi kwa wakala wake wa siku zote. Mezani kwenye siku ya michezo kijana angemwambia, "Dada, sogea huku kwenye mwanga, tupige tena." Tofauti ya asilimia 25 na asilimia 60 kwenye kupita ukaguzi imo humo kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo bei ya muamala wa kwanza ikipanda, tusikimbilie kumlaumu aliyetengeneza tangazo. Huenda fomu ndiyo inayokula fedha.

Kuna suala la muda pia. Muuguzi anayelipwa mwisho wa mwezi akipakua programu tarehe 3, hana cha kutuma hadi mshahara uingie. Ripoti ya siku saba itamwandika kuwa ni hasara. Kwa Uingereza, ambako mishahara mingi ni ya mwezi, mimi nisingetoa hukumu kabla ya siku 45, na ningewahesabu watu kwa makundi: waliopakua Machi wafuatwe wenyewe, wasichanganywe na wa Aprili. Kwa upande mwingine, mwenye kadi anaweza kupinga malipo miezi kadhaa baadaye, mara nyingi hadi siku 120. Basi idadi ya siku ya 45 iitwe ya awali, na irekebishwe baada ya miezi minne. Anayeficha marekebisho hayo anawapa wezi nafasi, maana kadi za wizi hupenda sana ofa za mteja mpya.

Kuhusu nani asifiwe kwa mteja, vita ni vikali. Mtu anasikia habari za programu kwenye sherehe ya harusi Leicester, anafika nyumbani, anaandika jina la programu kwenye Google, anabonyeza tangazo lililo juu. Mfumo unaandika kwamba Google ndiyo iliyomleta. Tangu Aprili 2021, Apple ilipoanza kuzilazimisha programu kuomba ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji, njia za kujua safari yote ya mtu zimepungua zaidi. Kumpa kila msemaji neno lake la siri la ofa kunasaidia, mpaka neno hilo linapovuja kwenye makundi, na kila anayelitumia anahesabiwa kuwa ameletwa na msemaji huyo.

Njia ninayoiamini zaidi ni kuacha mji mmoja bila kampeni. Tangaza Birmingham, usitangaze Leeds, baada ya kuhakikisha kwamba miezi iliyotangulia miji hiyo miwili ilikuwa inakwenda sambamba. Tuseme Birmingham wamepatikana watumaji wapya 100, na kwa mwenendo wa Leeds mngetarajia 60 hata bila tangazo lolote. Kampeni imeleta 40 tu, na bei halisi ni mara mbili na nusu ya iliyo kwenye ripoti. Januari ndiyo inayodanganya kuliko miezi yote. Shule zinafunguliwa Tanzania, watu wanatafuta njia ya kutuma ada watake wasitake, na kampeni yoyote ya mwezi huo itaonekana imefanya maajabu.

Hata hivyo, muamala wa kwanza uliothibitika haumaanishi kwamba kampuni imepata mteja wa kudumu. Rudi kwenye ule mfano wetu. Mtu anatuma pauni 150, kampuni inapata pauni 3 kutokana na ada na tofauti ya kubadilisha fedha, inalipa gharama za kadi na za mtandao wa simu, inabakiwa na pauni 1.80. Ili kurudisha pauni 35.60, inahitaji miamala 20 hivi. Kwa anayetuma mara moja kwa mwezi, hiyo ni karibu miaka miwili. Kwa mteja wa pauni 44, miamala inafika 25. Wapo wanaochukua ofa leo hapa, kesho kwa kampuni jirani, na siwalaumu. Pesa ni zao na nyumbani kunahitajika kila senti. Lakini kampuni iliyohesabu kichwa chao kama ushindi itakuja kubana mahali pengine, na mahali rahisi pa kubana ni kiwango cha kubadilishia fedha cha yule mteja mwaminifu ambaye haangalii tena amekatwa kiasi gani.

Dawa ninayoipendekeza ni kugawa malipo ya wakala na ofa ya mteja mara mbili. Wakala alipwe nusu muamala wa kwanza ukithibitika, na nusu nyingine mtu huyohuyo akituma mara ya pili ndani ya siku 60. Mteja naye apewe pauni 5 mwanzoni na 5 kwenye muamala wa pili. Wapakuaji watapungua tangu wiki ya kwanza, na wakala atalalamika. Mkataba uwe umeandika mapema tafsiri ya "kuthibitika", sharti kwa sharti, na nani ana haki ya kufungua kumbukumbu za miamala na kuhesabu upya.