Skrini Nyeusi, King'amuzi Kizima

Kuna hitilafu moja ya king'amuzi inayowatisha watu kuliko inavyostahili. Skrini ya runinga imekuwa nyeusi tii, au imebaki na maandishi ya No Signal au Mode Not Supported, na sauti nayo haipo. Lakini ukitazama king'amuzi chenyewe, taa inawaka vizuri, na namba ya chaneli kwenye kidirisha chake cha mbele inabadilika kila ukibonyeza rimoti. Hapo hakuna kilichoungua. King'amuzi kinatuma picha, ila kinaituma kwa kiwango ambacho runinga haina uwezo wa kukipokea.

Kiwango hicho ndicho kinachoandikwa kwenye menyu kama 576p, 720p, 1080i, 1080p au 2160p. Namba ni idadi ya mistari ya mlalo inayounda picha. Herufi inaeleza mistari hiyo inavyotumwa: p ina maana mistari yote inakuja kwa mkupuo mmoja, na i ina maana inakuja nusu nusu, kwanza ya witiri, kisha ya shufwa. Herufi hii watu huipuuza, na ndipo tatizo linapoanzia. Picha ya 1080i na ya 1080p zina mistari sawa, lakini kwa hezi 50, 1080i hupita kwenye waya wa HDMI kwa kasi ya megahezi 74.25, wakati 1080p inahitaji megahezi 148.5, yaani mara mbili kamili. Runinga inaweza kuimudu ya kwanza bila shida na kushindwa kabisa na ya pili.

Runinga za aina hiyo bado ziko nyingi majumbani mwetu, hasa zile za mtumba kutoka Ulaya. Tazama kwenye fremu ya mbele kama ina kibandiko cha HD ready. Alama hiyo ilianzishwa mwaka 2005 na umoja wa watengenezaji wa vifaa vya elektroniki barani Ulaya, na masharti yake yalikuwa wazi: runinga iwe na angalau mistari 720, na ipokee 720p na 1080i, kwa hezi 50 na hezi 60. Kupokea 1080p halikuwa sharti. Alama ya HD ready 1080p, inayodai uwezo huo, ilikuja baadaye, mwaka 2007. Kwa hiyo runinga ya inchi 32 yenye kibandiko cha kwanza huenda inapokea 1080p, huenda haipokei. Kibandiko hakikuahidi.

Sasa, king'amuzi hakitakiwi kubahatisha. Kila runinga yenye HDMI ina kumbukumbu ndogo iitwayo EDID, yenye orodha ya viwango inavyovikubali, na king'amuzi huisoma orodha hiyo kupitia waya uleule wa HDMI. Kikiwekwa kwenye Auto, kinachagua kiwango kutoka kwenye orodha na mambo yanakwenda. Lakini mtu akiingia kwenye menyu akachagua 1080p kwa mkono wake, ving'amuzi vingi humtii hata kama orodha ya runinga haina kiwango hicho.

Watengenezaji wengi wameweka kinga. Ukibadilisha kiwango, king'amuzi kinauliza kama picha inaonekana, na usipojibu kwa sekunde kadhaa kinarudi kwenye kiwango cha awali. Kwenye ving'amuzi vinavyotumia programu ya Enigma2, kama Dreambox na Vu+, swali hilo linakaa sekunde 20, na jibu linalochukuliwa ukinyamaza ni hapana. Kinga hii ni nzuri, ila inamlinda tu aliye mbele ya runinga ileile. Tuseme king'amuzi kilikuwa sebuleni, kwenye runinga mpya, kikawekwa 1080p na picha ikaonekana safi. Mwenye nyumba akakihamishia kwa mama yake mzazi, ambaye runinga yake ni ya mwaka 2006. Huko hakuna swali litakaloulizwa, kwa sababu hakuna aliyebadilisha chochote. King'amuzi kinawaka na mpangilio wake wa zamani, na runinga inabaki kiza.

Kabla ya kugusa kitu, hakikisha ugonjwa ni huu. Bonyeza kitufe cha menyu cha rimoti ya runinga, si ya king'amuzi. Menyu ya runinga ikitokea, kioo na taa zake za ndani ni nzima. Kisha sikiliza. Kwenye HDMI sauti husafiri ndani ya picha, katika nafasi zilizo kati ya mstari na mstari, kwa hiyo runinga ikiikataa picha, kwa kawaida sauti inapotea pamoja nayo. Ukisikia mtangazaji anaongea vizuri huku skrini ni nyeusi, shuku kitu kingine: zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi kwa upande, na ukiona picha hafifu ikicheza, taa za nyuma ya kioo ndizo zimekufa, na hiyo ni kazi ya fundi wa runinga. Picha inayokuja na kukatika, au iliyojaa vidoti vinavyometameta, mara nyingi ni waya mbovu.

Ukishajiridhisha, kazi ni kukilazimisha king'amuzi kirudi kwenye hali salama, yaani kiwango ambacho runinga haiwezi kukikataa. Viwango hivyo vipo kwa mujibu wa kanuni zenyewe za HDMI. Runinga yoyote yenye tundu hilo lazima ipokee picha ya pikseli 640 kwa 480 kwa hezi 60, na kama inapokea picha za hezi 50, lazima pia ipokee 576p. Kwa hiyo 576p ndiyo sakafu kwa runinga zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, Afrika na Ghuba. Picha yake si kali, lakini inatosha kusoma menyu.

Njia ya kwanza iko mkononi. Rimoti nyingi za ving'amuzi vya dishi huru zina kitufe kilichoandikwa V.Format au V-Format, na baadhi ya ving'amuzi vina kitufe hicho mbele. Kila ukikibonyeza, kiwango kinasogea hatua moja. Wengi hukosea kwa haraka: wanabonyeza mfululizo, wakati runinga inahitaji sekunde chache kuitambua picha mpya. Bonyeza mara moja, hesabu hadi kumi, ndipo ubonyeze tena. Vifaa vya kutazamia kwa intaneti navyo vina njia zao. Kwenye Amazon Fire TV, kwa mfano, unashikilia kitufe cha juu pamoja na cha kurudisha nyuma kwa sekunde 10, kisha kifaa kinaanza kupitia kiwango kimoja baada ya kingine, hadi utakapoona picha na kukubali. Napenda utaratibu huu kuliko mwingine wowote, na sioni kwa nini kila king'amuzi kisiwe nao.

Kama hakuna kitufe, tafuta waya wa AV, ule wa vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe. Kwenye ving'amuzi vingi tundu la AV hutoa picha ya kawaida wakati wote, bila kujali HDMI imewekwa kiwango gani. Unganisha, ibadilishe runinga isome AV, ingia kwenye menyu ya picha, chagua 720p au 1080i, kisha rudisha HDMI. Kama AV nayo haipo, kipeleke king'amuzi kwa jirani mwenye runinga mpya ukabadilishie huko. Angalia jambo moja: chagua namba yenyewe, na hakikisha imehifadhiwa kabla hujazima.

Wenye vifaa vya Enigma2 wana mlango wa ziada, kwa sababu king'amuzi chao ni kompyuta ndogo ya Linux. Kikiwa kimeunganishwa na ruta ya nyumbani, unaingia kutoka kwenye kompyuta kwa Telnet au SSH kama root, kisha unatazama viwango kinavyovijua na kuamuru kimoja:

```
cat /proc/stb/video/videomode_choices
echo 720p50 > /proc/stb/video/videomode
```

Picha inarudi papo hapo. Lakini amri hiyo haiandiki chochote kwenye mipangilio, na ukiwasha upya king'amuzi kiza kinarudi. Kwa hiyo, picha ikishaonekana, chukua rimoti, ingia kwenye menyu ya sauti na picha, ubadilishe hapo na kukubali. Wapo wanaokimbilia kuhariri faili la /etc/enigma2/settings huku programu inaendelea kufanya kazi. Enigma2 huandika upya faili hilo inapozimwa, na mabadiliko yao yanafutika. Anayetaka kulihariri aisimamishe kwanza kwa `init 4`, kisha aiwashe kwa `init 3`.

Kurudisha king'amuzi kwenye hali ya kiwandani ndiyo njia ya mwisho, kwa sababu inafuta orodha ya chaneli na mipangilio ya dishi, na utalazimika kutafuta upya.

Runinga iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ina mtego wake. Nyingi za soko lile hupokea picha za hezi 60 tu, na ving'amuzi vya kwetu vimewekwa hezi 50. Hapo hata 576p inaweza kukataliwa. Jaribu 480p au 720p ya hezi 60, na kabla ya yote soma nyuma ya runinga kama inakubali umeme wa volti 230.

Kwa runinga za 4K hadithi ni ileile ngazi ya juu. Zipo ambazo tundu moja tu la HDMI ndilo linalopokea 2160p ya picha 50 au 60 kwa sekunde, na nyingine zinataka uwezo huo uruhusiwe kwanza kwenye menyu ya runinga. Kabla ya kulaumu king'amuzi, badilisha tundu.

Na anayeona uchungu kushuka kutoka 1080p hapotezi kitu kikubwa. Kioo cha runinga nyingi za HD ready kina pikseli 1366 kwa 768, kwa hiyo mistari 1080 ikifika lazima ipunguzwe hadi 768. Matangazo yenyewe ya dishi kwa kawaida hurushwa kwa 576i, 720p au 1080i, na king'amuzi ndicho kinachoyapandisha hadi 1080p. Basi ukitaka kukihamisha king'amuzi kwenda nyumba nyingine, kirudishe kwenye 720p wakati bado unaiona menyu, ndipo uchomoe waya.