Kilele Kilichojiita Sesiamu

Kwenye skrini ya kompyuta kuna mchoro unaofanana na safu ya milima inayoteremka kuelekea kulia. Fundi ameweka mshale juu ya mlima mmoja, na pembeni pameandikwa 659 keV. Ndani ya kasha la matofali ya risasi, juu ya kigunduzi cha mionzi, limesimama kopo la fosfeti ya Minjingu, mwamba unaochimbwa karibu na Ziwa Manyara, kaskazini mwa Tanzania, na kusagwa kuwa mbolea. Fundi anapitisha kidole kwenye jedwali la mionzi ya gama na kusimama penye 661.7. Jina lililo mbele ya namba hiyo ni sesiamu-137.

Sesiamu-137 haitoki kwenye mwamba. Huzaliwa viini vya urani vinapopasuliwa ndani ya vinu vya nyuklia au kwenye mabomu. Ndiyo iliyosambaa Ulaya baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986. Kuikuta kwa wingi kwenye mbolea ni jambo la kuwaamsha wakubwa, na fundi wetu ameshanyanyua simu.

Fundi huyu nimemtunga, ila hesabu zake ni zile zile zinazofanywa kwenye maabara za aina hii, na mtego alioukanyaga upo kila siku. Tumwombe aweke simu chini kwanza, tuone ile 659 imetoka wapi.

Matenga 1024

Moyo wa kigunduzi chake ni fuwele ya sodiamu-aidaidi yenye ukubwa wa ngumi hivi. Mnururisho wa gama ukiingia na kuacha nishati yake yote humo, fuwele hutoa mmweko wa mwanga, na nishati ikiwa kubwa, mmweko nao huwa mkali. Mrija uliobandikwa nyuma ya fuwele huupokea mmweko huo, huukuza mara nyingi sana, kisha hutoa mshtuko mdogo wa umeme.

Hapo ndipo kinapoingia kichanganuzi cha chaneli nyingi. Kazi yake ni kama ya kijana sokoni anayepanga embe kwenye matenga kwa ukubwa. Kila mshtuko unaofika anaupima kimo, anautupia kwenye tenga lake, na kuongeza hesabu ya tenga hilo kwa moja. Mashine ya fundi wetu ina matenga 1024. Baada ya saa kadhaa, matenga yaliyopokea mishtuko mingi yanaonekana kwenye skrini kama vilele.

Lakini kijana huyo hajui kilo. Anajua tu kwamba embe hili ni la tenga la 225 na lile ni la tenga la 400. Mashine haikuona keV 659 mahali popote. Iliona chaneli ya 225, halafu kanuni iliyowekwa na binadamu ikaigeuza chaneli hiyo kuwa nishati. Kanuni ikipotoka, kila jina linalosomwa kwenye jedwali limepotoka nayo.

Mawe ya mizani

Mizani ya dukani huhakikiwa kwa mawe yanayojulikana uzito wake. Mawe ya mizani hii ni vyanzo vidogo vya mionzi, vilivyofungwa ndani ya visahani vya plastiki vinavyotoshana na kitufe cha koti. Sesiamu-137 hutoa mstari mmoja wa gama, wa keV 661.7. Kobalti-60 hutoa miwili, 1173.2 na 1332.5. Namba hizi hazibadiliki kwa joto, kwa umri wala kwa nchi, kwa kuwa zinatokana na muundo wa kiini chenyewe.

Wiki iliyopita fundi aliweka visahani hivyo mbele ya fuwele. Kilele cha sesiamu kilisimama kwenye chaneli ya 226, na kile cha juu cha kobalti kwenye chaneli ya 453. Kati ya vilele hivyo viwili kuna chaneli 227 na tofauti ya keV 670.8, kwa hiyo kila chaneli ina upana wa keV 2.955. Akirudi nyuma kutoka 226 anagundua kwamba mstari hauanzii sifuri kamili, bali umeteleza kwa keV 6.1. Kanuni yake ikawa hii:

`E = 2.955 × C − 6.1`

C ni namba ya chaneli na E ni nishati. Kilele cha tatu hakukitumia kutengeneza kanuni. Alikiweka akiba kiwe shahidi. Kobalti ya 1173.2 ilikuwa imesimama kwenye chaneli ya 399, na kanuni ikatoa 1172.9. Shahidi na kanuni walikubaliana, na fundi akaondoka na amani yake.

Leo chaneli ya 225 imempa 659. Tofauti ya keV 3 na sesiamu haikumshtua, na kwa haki haikupaswa kumshtua. Fuwele ya aina hii ni butu. Karibu na nishati hiyo kilele chake huwa na upana wa keV 46 hivi, kwa hiyo kukosea kwa 3 ni kama kubishana kuhusu gramu kwenye mizani ya magunia.

Ndugu waliokuja pamoja

Kosa la fundi ni kwamba alimuuliza jina mgeni mmoja, akawaacha aliofuatana nao. Sesiamu-137 katika eneo hili la nishati husafiri peke yake. Kama kweli ni yeye, basi sehemu ya kulia ya mchoro, juu ya 662, haina deni la kumlipa: isionekane humo ila mionzi ya kawaida ya mazingira. Lakini kwenye skrini hii kuna vilele vingine vilivyo wazi, penye 319, 380, 1211 na 1907. Fundi anavitafuta kwenye jedwali na kila kimoja kinampa jina la kubahatisha, wala hakuna ukoo unaovikusanya vyote.

Hapo mtu mzoefu huachana na namba zenyewe, akatafuta uwiano. Mrija ukikuza kupita kiasi, vilele vyote husogea kulia kwa asilimia ile ile, kwa hiyo kimoja kugawa kwa kingine hubaki karibu vile vile. Gawanya 1211 kwa 659, unapata 1.84. Gawanya 1907 kwa 659, unapata 2.89. Gawanya 380 kwa 659, unapata 0.58.

Ukoo wenye uwiano huo unajulikana na kila aliyewahi kupima mwamba wenye urani. Bismuti-214 ina mistari mikubwa penye 609.3, 1120.3 na 1764.5. Risasi-214, mzazi wake, ina 295.2 na 351.9. Gawanya 1120.3 kwa 609.3, ni 1.84. Gawanya 1764.5 kwa 609.3, ni 2.90. Gawanya 351.9 kwa 609.3, ni 0.58. Aliyejiita sesiamu ni bismuti ya 609, na skrini yote imevutwa kulia kwa takriban asilimia 8.

Fosfeti ya Minjingu inajulikana kuwa na urani kuliko miamba ya kawaida. Urani huzaa radiamu, radiamu huzaa gesi ya radoni, na radoni huzaa risasi-214 na bismuti-214. Kuwakuta humo ni kama kukuta harufu ya karafuu Pemba.

Volti tisa

Dhana inahitaji ushahidi usiotoka kwenye kopo lenyewe. Fundi analitoa, anafunga kasha, na kupima utupu kwa saa moja. Saruji na mchanga wa kuta za jengo una potasiamu-40, ambayo hutoa mstari penye 1460.8 usiku na mchana, hata matofali ya risasi hayauzuii wote. Leo mstari huo umesimama penye 1579. Kisha anarudisha kisahani cha sesiamu mbele ya fuwele. Badala ya chaneli ya 226, kilele kinasimama kwenye ya 244.

Sasa inabaki kujua kilichoisogeza mashine. Mrija wa kukuza mwanga huendeshwa kwa umeme mkali, na kwa mirija mingi volti ikipanda asilimia 1, ukuzaji hupanda karibu asilimia 7. Kifaa cha umeme kilipaswa kuwa kwenye volti 800. Fundi anainama kukitazama na kukuta 809. Labda kiwiko kiligusa kitufe wakati wa kufuta vumbi. Volti tisa tu zilitosha kuigeuza bismuti kuwa sesiamu. Joto la chumba nalo hufanya hivyo, taratibu zaidi: fuwele na mrija hubadilika chumba kikipoa au kikipata joto, na mchoro ulioanzwa asubuhi ukimalizwa alasiri huweza kuwa na vilele vilivyotanuka bila sababu ya wazi.

Anarudisha 800, anasubiri mashine itulie, sesiamu inarudi kwenye 226. Kopo linarudi ndani ya kasha. Kilele chetu sasa kiko kwenye chaneli ya 208, na kanuni ya wiki iliyopita inasema keV 608.5.

Je, sesiamu haipo kabisa?

Hapa fundi mwaminifu hanyanyui simu kutangaza kwamba mbolea ni safi. Kati ya 609 na 662 kuna keV 52, na vilele vyake vina upana unaokaribia huo. Sesiamu kidogo inaweza kuegemea ubavu wa kulia wa bismuti bila kuonekana kama mlima wake. Isitoshe, bismuti-214 ina mstari mwingine mdogo, karibu moja ya thelathini ya ule wa 609, na mstari huo uko penye 665.5. Kwa fuwele hii, 665.5 na 661.7 ni kitu kimoja.

Dawa yake ni kigunduzi cha jemaniamu, kinachopozwa, mara nyingi kwa naitrojeni ya maji, hadi karibu nyuzi 196 chini ya sifuri. Vilele vyake hapo vina upana usiofika keV 2. Mlima wa fuwele unagawanyika kuwa sindano mbili, na pengo la 661.7 linaonekana wazi kama lina mtu au halina.

Hata jemaniamu ina mpaka wake. Radiamu-226 hutoa mstari penye 186.2 na urani-235 penye 185.7, na sindano hizo mbili hushikana. Anayetaka kujua fungu la kila mmoja hulifunga kopo lisivuje radoni, hulihifadhi kwa wiki nne hivi hadi bismuti ilingane na radiamu, kisha huipima 609. Bismuti hutaja fungu la radiamu, na kinachobaki penye 186 ni cha urani.

Fundi wetu ameandika mstari mmoja kwenye daftari la mashine, na chini yake ameacha nafasi ya kesho: saa 4:10 asubuhi, volti 800, sesiamu chaneli 226.