Umeuza kiwanja kwa awamu? Kodi haisubiri awamu zako

Leo siongelei madera wala mitandio. Naongelea kiwanja, maana najua wengi wetu humu mtaji ukikwama tunaangalia kile kiwanja tulichonunua zamani tukisema ni akiba. Mimi nilifanya hivyo Agosti 2022, na nilibaki kidogo tu niingie shimo.

Kiwanja changu kilikuwa Mwambani, hapa hapa Tanga. Nilikinunua milioni 9, baadaye nikatumia milioni 3 kukipima, kukitolea hati na kukizungushia ukuta wa matofali, risiti zote ninazo. Kwa hiyo kilinigharimu milioni 12. Akaja mteja, mwalimu, tukakubaliana milioni 24: atangulize milioni 6, kisha milioni moja kila mwezi kwa miezi 18. Nikaona mambo si haya! Ile milioni 6 nilishaipangia kabisa, mzigo wa Kariakoo wa msimu mzima.

Mwalimu akaongeza ombi moja. "Dada, tuhamishe hati sasa hivi, nataka niipeleke benki nikope nianze msingi." Sikuona tabu. Mtu mstaarabu, ana mshahara, kwa nini nimbanie? Nikaenda kwa wakili mmoja mzee pale mjini ili atuandikie tu karatasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa hiyo kodi utalipa na nini?"

Nikamjibu kwamba nitakuwa namega kidogo kidogo kila mwalimu akinilipa. Akacheka. Akachukua kalamu.

Hapa ndipo pa kusoma taratibu. Kodi yenyewe, ile mtaani wanaiita kapitali geini, ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Si ya bei, ni ya faida. Mimi bei milioni 24, gharama milioni 12, faida milioni 12, kodi 1,200,000. Hesabu rahisi. Shida ni siku ya kuilipa. Sheria ya Kodi ya Mapato inasema inalipwa mara moja, kabla umiliki haujahamishwa. Msajili wa Hati haruhusiwi kuandika jina la mnunuzi mpaka aone cheti cha TRA kwamba kodi imelipwa, au kwamba muuzaji hadaiwi. Hakuna dirisha la kusema "mimi nimeuza kwa awamu, na ninyi nipokeeni kwa awamu."

Maana yake, kama ningehamisha hati Agosti ile ile, ningelipa 1,200,000 yote kutoka kwenye milioni 6, na humo kuna kodi ya milioni 18 ambazo sijazitia mkononi. Halafu mwalimu akikwama mwezi wa tano? Hati ina jina lake, iko benki. Mimi nimeshalipia kodi ya hela ambayo bado ni ahadi, na kuidai irudi ni safari nyingine yenye mafaili yake.

Mzee akanieleza kuna nchi zinafanya tofauti. Marekani, mtu binafsi akiuza nyumba au shamba kwa awamu, faida inakatwa vipande kulingana na malipo, na kila mwaka anatangaza kipande kilichoingia. Nusu ya bei yangu ilikuwa faida, basi kwa mtindo huo nusu ya kila malipo ingekuwa faida. Tukitumia asilimia 10 yetu na ratiba tuliyopanga: mwaka 2022 ningepokea milioni 10 na kulipa kodi 500,000, mwaka 2023 milioni 12 na kodi 600,000, mwaka 2024 milioni 2 na kodi 100,000. Jumla ni ile ile 1,200,000, ila inatembea na hela. Na huko kwao mtu anaruhusiwa kukataa utaratibu huo akatangaza faida yote mwaka wa mauzo, kama inamfaa.

Jirani zetu ng'ambo ya Horohoro nao wana lao. Kenya kiwango ni asilimia 15 tangu Januari 2023, na kwa marekebisho ya mwaka huo huo kodi inadaiwa siku muuzaji anapokamilishiwa bei yote au siku ya kusajili uhamisho, yoyote itakayotangulia. Kwa hiyo hata kule, ukiwahi kuhamisha, umewahi kulipa.

Basi huku kwetu huwezi kukata kodi vipande, ila unaweza kusogeza siku ya kuhamisha. Ndivyo tulivyofanya. Mkataba uliandika wazi kwamba umiliki unabaki kwangu hadi shilingi ya mwisho, kwamba hati inakaa kwa wakili, na kwamba kodi ya faida ni yangu, huku ushuru wa stempu na gharama za usajili zikiwa za mwalimu. Yeye hakufurahi, na namwelewa. Anayelipa miezi 18 bila hati naye ana hofu: je, nikiuza mara mbili? Je, nikifa? Mzee akamshauri aweke zuio kwa Msajili ili kiwanja kisiguswe bila yeye kujua. Mkopo wake wa benki ukasubiri.

Sasa kuna mtego wa upande wa pili. Ukisogeza siku, kodi yote inakuangukia mwishoni, wakati mkononi una malipo ya mwisho ya milioni moja tu, na zile 23 zimeshageuka madera na nauli za boda. Nilichofanya ni kuiga Wamarekani kienyeji: 300,000 kutoka kwenye kianzio, kisha 50,000 kila milioni moja ikiingia, kwenye laini ya simu ambayo siitumii kwa biashara. Piga hesabu, mara 18 unapata 900,000, jumlisha 300,000.

Na tunzeni risiti pamoja na mkataba wenye tarehe. Kabla ya kuhamisha, kiwanja kinathaminiwa, na uthamini wa leo unaweza kupita bei mliyokubaliana mwaka juzi, hasa huku kwetu ambako bomba la mafuta la kwenda Chongoleani limewatia watu wazimu wa ardhi. Karatasi ndizo zitakazokusemea. Asiye na kumbukumbu zozote za gharama, tangu 2022 sheria inamtoza asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Najua mmeshakokotoa: asilimia 3 ya milioni 24 ni 720,000, chini ya niliyolipa mimi. Ni kweli. Lakini njia hiyo ni ya asiye na risiti, si ya mwenye risiti aliyezificha uvunguni. Na kama faida yako ni ndogo, haifiki asilimia 30 ya bei, risiti zako ndizo zitakazokupunguzia kodi.

Mwalimu aliruka miezi miwili mwaka 2023, mtoto aliugua. Hati ilikuwa kwa wakili, kwa hiyo sikukosa usingizi, nikamsubiri. Akamaliza Aprili 2024. Nikatoa 1,200,000 kwenye ile laini, nikalipa kwa namba ya malipo niliyopewa TRA, cheti kikatoka, tukaenda wote kwa mzee kusaini fomu za uhamisho. Mwalimu aliishika ile hati kwa mikono miwili, akaniuliza kama nina dera la saizi ya mkewe.