Pampu Inayowapangia Bakteria Kasi ya Kukua

Mwaka 1950 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Aaron Novick na Leo Szilard, walichapisha maelezo ya chombo kipya walichokiita kemostati. Szilard alikuwa mwanafizikia kutoka Hungaria, yule yule aliyepata wazo la mfululizo wa athari za nyuklia mwaka 1933. Novick alikuwa mkemia. Wote wawili walishiriki katika mradi wa Marekani wa bomu la atomu, na vita vilipokwisha waligeukia viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Mwaka huo huo, huko Paris, Jacques Monod wa Taasisi ya Pasteur alichapisha wazo lile lile, akiwa amelifikia kwa njia yake.

Kilichowasumbua Novick na Szilard ni swali hili: jeni za bakteria hubadilika kwa kasi gani, na je, bakteria anayekua polepole hubadilika polepole pia? Ili kulijibu walihitaji bakteria wanaokua kwa kasi moja isiyoyumba, kwa siku nyingi, na kasi hiyo ichaguliwe na mtafiti mwenyewe.

Chupa ya kawaida ya maabara haiwezi kutoa kitu cha namna hiyo. Ukitia bakteria wachache katika kiowevu chenye sukari na chumvi, kwanza huchukua muda kuzoea, kisha huongezeka maradufu, na maradufu tena, mpaka sukari iishe na uchafu wao ujae. Hapo husimama. Katika safari hiyo hakuna saa mbili zinazofanana. Bakteria wa asubuhi ameshiba, wa jioni ana njaa, na anayewapima hajui kama tofauti anayoiona imetokana na jaribio lake au na umri wa chupa.

Kemostati huondoa tatizo hilo kwa kutoruhusu chupa izeeke. Pampu huingiza kiowevu kipya cha lishe bila kukoma. Mrija wa pembeni, uliowekwa kwenye kimo maalumu, humwaga nje kiasi kile kile pamoja na bakteria waliomo, kama pipa lililojaa pomoni chini ya bomba linaloendelea kutiririka. Hewa hupulizwa ndani, na kila kitu hukorogwa ili tone la juu lifanane na tone la chini. Jambo moja zaidi ni la lazima: katika lishe hiyo kila kitu kiwe kingi isipokuwa kirutubisho kimoja. Novick na Szilard walitumia aina ya bakteria wa E. koli asiyeweza kujitengenezea asidi amino iitwayo triptofani, kwa hiyo triptofani ndiyo waliyoipima kwa ubahili. Wengi leo hutumia sukari ya glukosi.

Usukani wa chombo hiki ni namba moja, kasi ya uzimuaji, inayoandikwa hivi:

D = F / V

F ni kiasi cha lishe kinachoingia kwa saa, na V ni ujazo wa kiowevu ndani ya chombo. Chukua chombo chenye lita 1 na pampu inayoingiza mililita 200 kwa saa. D ni 0.2 kwa saa, maana yake kila saa moja ya tano ya ujazo hubadilishwa. Bakteria wasipozaana kabisa, watapungua kwa kasi hiyo mpaka waishe. Wakizaana kwa kasi inayozidi hiyo, watajazana. Idadi yao inaweza kutulia kwa sharti moja tu, kwamba kasi ya kukua iwe sawasawa na kasi ya kutolewa. Kwa D ya 0.2, hilo hutokea wanapoongezeka maradufu kila baada ya saa 3 na nusu hivi, yaani 0.693 ikigawanywa kwa 0.2.

Swali zuri hapa ni nani anayewaambia bakteria wakue kwa kasi hiyo hasa. Anayewaambia ni sukari iliyobaki. Bakteria hukua haraka au polepole kutegemea kiasi cha glukosi kinachomzunguka, na Monod ndiye aliyeuandika uhusiano huo kwa hesabu. Tuseme kasi yao ya juu kabisa ni 0.8 kwa saa, na kwamba hufikia nusu ya kasi hiyo glukosi ikiwa miligramu 4 kwa lita, kipimo ambacho Monod mwenyewe alikitoa kwa E. koli. Tuseme pia lishe inayoingia ina gramu 1 ya glukosi kwa lita, na kila gramu inayoliwa huzaa nusu gramu ya bakteria waliokaushwa.

Mwanzoni bakteria ni wachache na sukari ni tele, kwa hiyo wanakua kwa karibu 0.8 huku wakitolewa kwa 0.2. Wanajaa. Kadiri wanavyojaa, ndivyo wanavyoimaliza sukari, na kasi yao inashuka. Inashuka mpaka sukari iliyobaki iwe miligramu 1.3 tu kwa lita, kiwango kinachowakuza kwa 0.2 kamili. Hapo mambo yanatulia. Kundi likizidi kidogo, sukari inapungua, wanakua polepole, na mrija unawapunguza. Likipungua, sukari inapanda, wanaharakisha, na pengo linazibwa. Mtafiti hana haja ya kuwahesabu na kurekebisha, kwa sababu njaa yao yenyewe ndiyo inayorekebisha.

Sasa mtafiti aongeze pampu ifike mililita 400 kwa saa. Wengi wangetarajia bakteria wapungue nusu, lakini hawapungui hivyo. Kinachotakiwa ni sukari iliyobaki ipande kutoka miligramu 1.3 hadi 4, na ili ipande hivyo inatosha bakteria wapungue kwa miligramu moja na kitu katika takriban 500. Kipimo cha ukungu wa kiowevu hakitaona tofauti hiyo. Kundi ni lile lile kwa macho, ila sasa kila mmoja anakua kwa kasi maradufu. Kinyume chake, akiiacha pampu ilivyo na kuongeza sukari ya lishe kutoka gramu 1 hadi 2, wingi wa bakteria unakuwa maradufu, lakini kasi ya kukua na sukari inayobaki hazibadiliki hata kidogo. Pampu huamua kasi. Lishe huamua wingi. Kutenganishwa kwa mambo haya mawili ndiko kulikofanya kemostati iwe chombo cha utafiti, maana katika chupa ya kawaida huenda pamoja na hayatenganishiki.

Uhuru huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni wa ghafla. D ikifika 0.7, bado kuna miligramu 486 za bakteria kwa lita, karibu sawa na mwanzo. Ikifika 0.79, zinabaki 342. Ikipita 0.8, hakuna kiasi cha sukari kitakachowawezesha kukimbia kama pampu, na wote husombwa nje. Ndiyo maana kufanya kazi karibu na ukingo huo ni hatari: pampu ikiyumba kidogo tu, wingi wa bakteria huyumba sana.

Anayeendesha kemostati hujifunza uvumilivu. Baada ya kubadilisha D, hawezi kupima papo hapo. Ujazo mmoja mzima wa lishe ukishapita, bado asilimia 37 ya kiowevu cha zamani imo ndani, kwa kuwa kipya na cha kale huchanganyika. Baada ya ujazo mara 3 hubaki asilimia 5, na baada ya mara 5 chini ya 1. Kwa pampu ya mililita 200, hiyo ni kungoja saa 15 hadi 25. Bakteria nao huhitaji muda wa kuongeza mitambo yao ya kutengeneza protini kabla ya kufuata kasi mpya, na katika kipindi hicho sukari hupanda kupita kiasi kisha hushuka. Hali ikishatulia, vipimo vya mfululizo hutoa jibu lile lile.

Matatizo mengine hujificha. La kawaida kabisa ni bakteria kujibandika kwenye kuta za kioo. Hao hawatolewi na mrija, na watoto wao hudondoka ndani ya kiowevu saa zote. Dalili yake iko wazi: ukipandisha pampu kupita kasi ya juu ya bakteria, walipaswa kutoweka, lakini wapo tu. Bakteria pia huweza kupanda mrija wa lishe hadi kwenye pipa la akiba, kwa hiyo lishe hufanywa idondoke kwa matone, tone likatike hewani kabla ya kugusa chombo. Tatizo jingine ni kudhani kwamba sukari ndiyo inayobana kumbe ni oksijeni. Kulitambua si kazi kubwa. Ongeza sukari kidogo katika lishe. Bakteria wakiongezeka kwa kadiri hiyo, sukari ndiyo. Sukari ikitoka nje bila kuliwa, tafuta kwingine.

Kwa chombo hiki Novick na Szilard walihesabu bakteria waliopata kinga dhidi ya virusi fulani vinavyowashambulia. Walibadilisha kasi ya kukua kati ya kizazi kimoja kwa saa 2 na kizazi kimoja kwa saa 12, na jibu likawashangaza. Chini ya uhaba wa triptofani, mabadiliko ya jeni yalitokea kwa kiwango kile kile kwa saa, ingawa vizazi vilikuwa vichache zaidi.

Waliona na jambo la pili. Idadi ya wenye kinga ilipanda taratibu kwa siku kadhaa, kisha ikaporomoka ghafla bila pampu kuguswa. Miongoni mwa walio wengi, wasio na kinga, alikuwa amezaliwa bakteria mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kunyakua triptofani iliyo haba. Kizazi chake kiliharakisha kidogo kuliko D, kikashusha triptofani chini ya mahitaji ya wenyeji, nao wenyeji wakasombwa pamoja na wenye kinga waliokuwa wao. Wingi ulitulia, ukungu wa kiowevu ulitulia, lakini waliomo hawakuwa wale wa mwanzo. Kwa hiyo utulivu wa kemostati ni wa idadi, kasi na kemia, si wa ukoo. Jaribio linalohitaji jeni zisizobadilika lazima liwe fupi, au lianzishwe upya mara kwa mara kutoka katika mbegu iliyohifadhiwa kwenye barafu.

Viwanda vinalijua hilo kwa gharama. Huko Billingham, kaskazini mwa Uingereza, ukungu uitwao Fusarium venenatum hukuzwa kwa mfululizo katika matangi makubwa ili kupata chakula chenye protini kinachouzwa kwa jina la Quorn. Baada ya wiki 6 hivi hujitokeza aina yenye nyuzi zilizojaa matawi mafupi, ambayo huharibu umbile la chakula. Tangi husimamishwa, husafishwa, na kazi huanza tena kwa mbegu mpya.