Nusu Saa ya Alhamisi

Mtu mwenye kazi nyingi hawapotezi marafiki wa karibu. Hao watampigia wenyewe. Anaowapoteza ni wale wa pembeni: mkandarasi wa mradi wa zamani, mwenzake wa chuo aliyehamia Mwanza. Na hao ndio wenye habari asizokuwa nazo. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza utafiti wake kwa watu wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Zaidi ya asilimia 80 walikuwa wakionana na mtu huyo mara mojamoja tu, au kwa nadra sana. Unaoonana nao kila siku wanajua yaleyale unayoyajua.

Tumchukue mhandisi wa maji wa Dodoma. Ana daftari lenye majina 60, na kila Alhamisi saa 1:30 asubuhi, kabla simu hazijaanza kuita, anawashughulikia watu watano. Kwa hesabu hiyo kila mmoja anafikiwa baada ya wiki 12. Majina 300 yangemshinda kabla ya mwezi kwisha.

Dakika tano za kwanza anasoma tu. Mbele ya kila jina ameandika mstari mmoja: mara ya mwisho walizungumza nini. Utaratibu mzima umesimama juu ya mstari huo. Bila huo angeandika “Habari za siku nyingi”, na mwenzake angeanza kujiuliza anataka kukopa kiasi gani. Akiwa nao anaandika: “Kaka, ile pampu ya sola iliyokuwa inakusumbua ilitengemaa? Nimempata fundi Singida anayezijua. Nikutumie namba yake?” Swali kama hilo hujibiwa kwa neno moja, hata na mtu aliye kikaoni.

Dakika 20 zinazofuata ni za jumbe nne na simu moja. Simu ni ya mtu mzima, bosi wake wa zamani kwa mfano, ambaye shikamoo ya maandishi haimtoshi. Tano za mwisho anaandika mistari mipya na kuongeza jina la mtu aliyekutana naye wiki hiyo, kisha anamwondoa mmoja ambaye hajajibu mwaka mzima. Majibu yanayoingia anayasoma mchana. Akiyafuata papo hapo, asubuhi yote imekwenda.

Kinachoua utaratibu huu upesi ni kusambaza picha moja ya salamu kwa wote 60. Kingine ni maombi, nacho huonekana daftarini: mistari ya miezi mitatu ikisema “nilimwomba” kuliko “nilimpa”, watu wataanza kuchelewa kupokea simu.

Msiba na ugonjwa havimo katika ratiba hii. Habari ikifika Jumatatu, anapiga Jumatatu, hata kama jina halimo daftarini.